Skana Ghalani: Kutoka Mlangoni Hadi Kwenye Oda

Msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe ambayo wengi huiita bakodi, kwa kawaida haubebi zaidi ya namba. Kwenye pakiti ya sabuni au kopo la mafuta, mistari hiyo haina bei, haina jina la bidhaa, wala haijui zimebaki ngapi. Skana inapomulika, inachofanya ni kusoma namba hiyo na kuipeleka kwenye kompyuta, kisha kubonyeza Enter kama vile mtu ameiandika kwa mkono. Skana nyingi za bei nafuu zenye waya wa USB hutambuliwa na kompyuta kama kibodi tu. Ukifungua ukurasa mtupu wa kuandikia na kuskani pakiti, tarakimu zitajiandika zenyewe hapo.

Jambo hilo dogo ndilo chanzo cha faida zote za skana ghalani, na pia cha makosa yake karibu yote. Ghala lina maswali matatu ya kila siku: hiki ni nini, viko vingapi, na viko wapi. Skana hujibu lile la kwanza peke yake, tena kwa usahihi ambao jicho la mtu aliyechoka haliufikii. Majibu ya mawili yaliyobaki hutoka kwenye utaratibu wa kazi, na utaratibu huo ndio unaotofautisha ghala ambalo skana imelisaidia na lile ambalo skana imewekwa kwenye droo baada ya miezi miwili.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa ghala dogo la jumla la sabuni na bidhaa za usafi, la aina inayopatikana kwa wingi pembezoni mwa Dar es Salaam: chumba kimoja kirefu chini ya paa la bati, bidhaa kama 240, wafanyakazi wanne, kompyuta moja, skana mbili na mashine ndogo ya kuchapa lebo. Wateja wake ni wenye maduka, ambao huagiza katoni nzima za bidhaa fulani na vipande vichache vya nyingine.

Kabla ya mzigo wa kwanza kuskaniwa, namba zenyewe zinahitaji kueleweka. Bidhaa nyingi za dukani hubeba msimbopau wa tarakimu 13, unaoitwa EAN-13. Tarakimu za mwanzo huonyesha kampuni ilipewa namba na shirika la GS1 la nchi gani: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya. Wengi hudhani tarakimu hizo hutaja nchi bidhaa ilikotengenezwa, lakini sivyo. Kampuni iliyosajiliwa Nairobi inaweza kutengenezewa bidhaa kwingine kabisa, na pakiti bado ikaanza na 616. Zinazofuata ni tarakimu za kampuni, kisha za bidhaa yenyewe, na ya mwisho kabisa ni tarakimu hakiki.

Tarakimu hakiki hupatikana kwa hesabu ya darasani. Chukua namba ya mfano 620123450001, yaani tarakimu 12 za mwanzo. Ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Jumla ya majibu hapa ni 48. Kinachohitajika kuifikisha jumla hiyo kwenye kumi inayofuata, yaani 50, ni 2, kwa hiyo namba kamili ni 6201234500012. Skana hufanya hesabu hiyo kila inaposoma, na jibu lisipolingana hukaa kimya. Ndiyo maana skana huweza kushindwa kusoma, lakini ni nadra sana kusoma namba isiyo sahihi.

Mkono wa mtu hauna ulinzi wa namna hiyo ila pale programu inapoupa. Lebo ikichanika na mtunza ghala akalazimika kuandika namba kwa kibodi, programu inayokagua tarakimu hakiki itakamata kosa lolote la tarakimu moja. Kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zinazofuatana pia hukamatwa, isipokuwa zinapotofautiana kwa 5, kama 1 na 6 au 0 na 5. Namba ya mfano ina 5 na 0 zilizokaa pamoja katikati. Aliyeandika 6201234050012 badala ya 6201234500012 atapita bila kuulizwa, kwa kuwa hesabu ya namba zote mbili huishia kwenye 2. Kwa hiyo lebo iliyochanika ni afadhali ichapwe upya kuliko kuzoea kuiandika namba yake kila siku.

Sasa lije suala linaloharibu hesabu za maghala madogo kuliko jingine lolote. Kipande kimoja cha sabuni kina namba yake, na katoni iliyobeba vipande 24 ina namba yake nyingine. Msimbopau wa katoni mara nyingi ni ule mpana wenye fremu nene nyeusi, uliochapwa moja kwa moja kwenye boksi la kaki, wenye tarakimu 14. Huitwa ITF-14. Tarakimu yake ya kwanza huonyesha kwamba hiki ni kifungashio cha kundi, zinazofuata ni zilezile 12 za kipande, na tarakimu hakiki huhesabiwa upya. Kwa mfano uliopo, katoni ni 16201234500019. Anayeangalia haraka huona namba zinazofanana. Kompyuta huona bidhaa mbili tofauti, au haioni kabisa ile ya pili, kutegemea alichoingiza mwenye ghala.

Dawa yake ni jedwali moja ambalo kila namba inatajwa pamoja na idadi inayowakilisha:

```
msimbo            bidhaa               kizio     idadi
6201234500012     Sabuni mwarobaini    kipande    1
16201234500019    Sabuni mwarobaini    katoni    24
6201234500029     Sabuni mlimao        kipande    1
16201234500026    Sabuni mlimao        katoni    24
```

Hesabu ya ghala huwekwa kwa vipande, na katoni ni njia tu ya kuingiza vipande 24 kwa mlio mmoja. Jedwali hili halinunuliwi pamoja na skana. Hujengwa kwa mkono, bidhaa moja baada ya nyingine, kwa kuskani kipande, kuskani katoni, na kuhesabu vilivyomo ndani kwa macho. Kwa bidhaa 240 kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na anayeirukia hulipa baadaye. Mtengenezaji akibadilisha katoni kutoka vipande 24 hadi 20, kanuni za GS1 humtaka aipe katoni mpya namba mpya. Si wote wafanyao hivyo, kwa hiyo maandishi ya idadi pembeni mwa katoni yanastahili kutazamwa kila mzigo unapoingia.

Wanaoanza na Excel kabla ya kununua programu hukutana na mtego wao wa pekee. Excel ikipewa tarakimu 13 huzichukulia kama kiasi, na kwenye safu nyembamba huonyesha kitu kama 6.20123E+12. Sifuri ya mwanzo, ambayo baadhi ya bidhaa za Marekani huwa nayo, hufutwa. Namba inayozidi tarakimu 15 hupata hasara kubwa zaidi, kwa sababu tarakimu za mwisho hugeuzwa kuwa sifuri na hazirudi tena. Safu ya msimbo lazima iwekwe katika muundo wa Text kabla ya kuskani namba ya kwanza. Kubadilisha muundo baadaye hakurejeshi kilichokwisha kupotea.

Rafu nazo zinahitaji namba. Ghala la mfano lina njia tatu, A, B na C, na kila njia ina safu nane zenye ngazi nne. Mahali panapoitwa A-03-2 ni njia A, safu ya tatu, ngazi ya pili kutoka chini. Lebo za mahali huchapwa kwa msimbo wa aina ya Code 128, ambao hubeba herufi pamoja na tarakimu, na herufi hizo zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana: namba ya mahali haiwezi kamwe kufanana na namba ya bidhaa, kwa hiyo programu hujua mara moja kama kilichoskaniwa ni rafu au sabuni. Lebo za ngazi za juu hazibandikwi juu. Hubandikwa usawa wa kifua, pamoja na zile za chini, zikiwa na mishale ya kuonyesha ni ipi ya ngazi ipi. Vinginevyo mtu atapanda ngazi kwa ajili ya mlio mmoja, au, kama ilivyo tabia ya watu wenye haraka, hatapanda.

Aina ya lebo pia ina uzito chini ya paa la bati. Mashine za bei ya chini huchapa kwa joto moja kwa moja kwenye karatasi maalumu, kama risiti za dukani. Karatasi hiyo huendelea kuhisi joto hata baada ya kuchapwa. Ikikaa karibu na bati la mchana hupiga weusi au kufifia, na skana huanza kusita. Kwa lebo za katoni zinazotoka ghalani ndani ya wiki haina shida. Kwa lebo za rafu zinazotakiwa kukaa miaka, hufaa mashine inayotumia utepe wa wino. Kila lebo ibakiziwe pia nafasi nyeupe pande zote mbili za mistari, kwani skana huitumia kujua msimbo unaanzia wapi. Stika inayokatwa kwa mkasi hadi kwenye mstari wa mwisho haitasomeka hata kama mistari yote ipo.

Kupokea mzigo huanza kabla ya gari kufika. Oda iliyotumwa kwa msambazaji huwa tayari imo kwenye kompyuta: katoni 40 za sabuni ya mwarobaini, 15 za mlimao, na nyingine. Gari likifika, dereva hukabidhi hati ya mzigo, na hapo ndipo ghala nyingi hukosea kwa kumpa mpokeaji hati hiyo mkononi. Mtu anayejua kwamba zinatakiwa 40 huhesabu mpaka afike 40. Utaratibu mzuri ni mpokeaji aone jina la msambazaji tu kwenye skrini, bila idadi. Yeye huskani na kuhesabu anachokiona, na kompyuta ndiyo hulinganisha baadaye.

Mzigo hushushwa kwenye eneo lililopigwa mstari wa rangi karibu na mlango, na hakuna katoni inayovuka mstari huo kabla ya kuskaniwa. Makuli hupanga katoni tano kwa tano kwenda juu, mistari ya msimbo ikiwa imeelekea nje. Ombi hilo linaonekana dogo lakini huokoa nusu ya muda. Mpokeaji sasa ana njia mbili. Anaweza kuskani katoni moja na kuandika 40, au kuskani kila katoni mara moja, milio 40.

Njia ya kwanza ni ya haraka na ndiyo inayopendwa. Katika mfano huu ingeleta kosa. Katoni za mwarobaini na za mlimao zote ni za kijani, chapa ni ileile, na tofauti ni tawi dogo lililochorwa kwenye kona. Mpokeaji aliyeskani kila katoni alifika ya 27 na skrini ikaandika Sabuni mlimao. Katoni moja ya mlimao ilikuwa imepakiwa katikati ya rundo la mwarobaini. Mwishoni programu ilionyesha mwarobaini 39 na mlimao 16, dhidi ya 40 na 15 za kwenye oda. Jumla ni 55 kwa vyovyote vile, kwa hiyo aliyehesabu katoni bila kuskani angesaini kwamba mzigo umekamilika. Hapa dereva alikuwa bado yupo, hati ikaandikwa tofauti hiyo, na wote wawili wakasaini.

Kanuni inayotumika kwa urahisi ni kuskani kila katoni pale ambapo bidhaa zinafanana sura, na kuskani mara moja na kuandika idadi pale ambapo haziwezi kuchanganywa, kama ndoo za lita 20. Kwa njia hii ya pili kuna hatari moja ya kukumbuka. Skana ni kibodi, na kibodi huandika pale kielekezi kilipo. Mpokeaji akiskani katoni inayofuata huku kielekezi kikiwa bado kwenye kisanduku cha idadi, kompyuta itapokea kwamba zimeingia katoni 16,201,234,500,019. Programu nzuri hukataa idadi yoyote inayozidi, tuseme, 999. Isiyokataa huacha ghala likiwa na trilioni 16 za sabuni kwenye ripoti, kosa ambalo angalau hujitangaza lenyewe.

Katoni zisizo na msimbo kabisa zipo nyingi, hasa za viwanda vidogo na za bidhaa zilizofungashwa upya. Hizi hupewa namba ya ndani ya ghala na kuchapiwa stika papo hapo mlangoni. Namba ya ndani isibuniwe hovyo kwa tarakimu 13, kwa kuwa inaweza kugongana na ya bidhaa halisi itakayokuja mwaka kesho. Kwenye mfumo wa EAN-13, namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, lakini njia rahisi zaidi ni kutumia Code 128 yenye herufi, kwa mfano GH-0153.

Kuna pia pakiti sita zilizofungwa pamoja kwa plastiki angavu. Skana hupenya plastiki hiyo na kusoma msimbo wa pakiti moja iliyo ndani, na fungu la sita linaingia kama moja. Viwanda makini huchapa plastiki ili kuziba mistari ya ndani. Pale ambapo hawakufanya hivyo, stika ya fungu hubandikwa juu ya msimbo wa ndani kabisa ili ule wa ndani usisomeke.

Tarehe ya kwisha muda haimo kwenye EAN-13. Imo kwenye baadhi ya lebo ndefu za katoni na paleti za aina ya GS1-128, ambako mabano yenye 17 hufuatwa na mwaka, mwezi na siku: (17)270331 ni tarehe 31 Machi 2027. Skana iliyounganishwa na programu inayoelewa lebo hizo huchukua tarehe yenyewe. Kwa zilizobaki, tarehe huandikwa kwa mkono wakati wa kupokea, mara moja kwa kila kundi la uzalishaji. Kwa sabuni ya kipande jambo hilo laweza kupuuzwa, lakini kwa dawa ya meno na mafuta ya watoto haliwezi.

Baada ya kupokelewa, mzigo hupelekwa rafuni kwa milio miwili: bidhaa, kisha mahali. Mtu huskani katoni, huandika 39, huskani lebo ya A-03-2, na kompyuta sasa inajua zilipo. Mlio huu wa pili ndio unaorukwa zaidi, kwa kuwa mzigo ukishaingia kila mtu huona kazi imekwisha. Matokeo yake hayaonekani siku hiyo. Huonekana wiki mbili baadaye, wakati kompyuta inasema sabuni ipo na mkusanyaji amesimama mbele ya rafu tupu.

Kukusanya oda ni kupokea kwa kinyume, ila mpangilio wa milio hubadilika. Mwenye duka ameagiza katoni 3 za mwarobaini, vipande 10 vya mlimao, na ndoo 2 za sabuni ya maji. Programu hupanga mistari ya oda kwa kufuata njia za ghala, siyo kwa mpangilio mteja alioutaja, ili mkusanyaji apite A, arudi kwa B na kumalizia C bila kurudi nyuma. Ghala likiwa dogo hivi, faida ya mpangilio huo ni dakika chache tu kwa oda. Faida kubwa iko kwenye milio.

Skrini huonyesha A-03-2. Mkusanyaji huanza kwa kuskani lebo ya rafu. Akisimama mbele ya A-03-3, skana hutoa mlio wa kukataa kabla mkono haujagusa bidhaa. Kisha huskani katoni, na hapo programu huuliza swali la pili: je, hii ndiyo bidhaa ya mstari huu? Katoni ya mlimao iliyoingia rafu ya mwarobaini hunaswa hapa. Mwisho huthibitisha idadi. Mahali, bidhaa, idadi: mpangilio huo una sababu, kwa maana kosa la mahali likijulikana kwanza huokoa kubeba katoni ya kilo kumi na kuirudisha. Mlio wa kukataa unatakiwa uwe tofauti kabisa na wa kukubali, mrefu na mbaya masikioni. Watu huacha kutazama skrini baada ya siku ya pili na kufuata sikio.

Vipande 10 vya mlimao huleta suala la kufungua katoni. Ghala lililopangwa vizuri halifungui katoni popote palipo karibu. Huwa na ngazi moja ya chini kwa ajili ya vipande vilivyofunguliwa, mahali penye namba yake, tuseme B-01-1. Vipande vikipungua huko, mtu hushusha katoni moja nzima kutoka juu na kuihamisha kwa skana: imetoka A-04-3, imeingia B-01-1, vipande 24. Mkusanyaji kisha huskani kipande, si katoni, na kuandika 10. Akiskani katoni iliyofunguliwa, ambayo msimbo wake bado uko pembeni ukisomeka vizuri, na kuandika 10, kompyuta itatoa katoni 10, yaani vipande 240. Kwa sababu hiyo boksi likifunguliwa, msimbo wake hupigwa mstari mnene wa kalamu nyeusi kukata pau zote. Ni kazi ya sekunde mbili.

Kabla ya oda kutoka nje, ghala lenye watu wa kutosha hufanya ukaguzi wa pili mezani: mtu mwingine huskani vilivyokusanywa bila kuiona orodha, na kompyuta hulinganisha. Kwa ghala la watu wanne, kukagua kila oda ni mzigo. Inatosha kukagua oda zenye vipande vya kuhesabu na kuziacha zile za katoni nzima, kwa sababu mahali skana haisaidii kabisa ni kwenye kuhesabu 9 na kuandika 10.

Vifaa vyenyewe hukwama kwa njia chache zinazojulikana. Skana za leza hutumia mwanga mwekundu, na mwanga mwekundu hauoni tofauti kati ya wino mwekundu na karatasi nyeupe, kwa hiyo msimbo mzuri wa rangi nyekundu kwenye boksi la zawadi ni ukurasa mtupu kwake. Skana za kamera nyingi hutumia mwanga mweupe na huweza pia kusoma mraba wa QR na skrini ya simu, mambo ambayo leza kwa kawaida hushindwa. Plastiki inayong'aa hurudisha mwanga machoni mwa skana. Kuinamisha skana kidogo badala ya kuielekeza wima hutatua tatizo hilo mara nyingi. Vumbi la sabuni ya unga hufunika kioo chake, na kitambaa laini kila asubuhi hutosha. Mtu anayeskani mara tatu bila mlio kwanza afute kioo kabla ya kulaumu lebo.

Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzima na skana ya waya huzima nayo. Skana zisizo na waya zenye kumbukumbu huweza kuendelea kuhifadhi namba na kuzimwaga baadaye, lakini hazionyeshi jina la bidhaa wala hazikatai kosa. Basi katika saa hizo ni salama zaidi kupokea tu na kusitisha kukusanya oda. Oda isiyoweza kusubiri huandikwa kwenye karatasi na kuskaniwa baadaye kutoka kwenye katoni zenyewe kabla hazijapakiwa, siyo kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu.

Hata ghala likifuata yote hayo, hesabu ya kompyuta na ya rafu zitatofautiana siku moja. Badala ya kufunga ghala zima na kuhesabu kila kitu, huhesabiwa mahali pachache kila asubuhi, kwa kuskani lebo ya rafu na kuandika kilichopo. Rafu 96 za mfano huu, zikihesabiwa 4 kwa siku, huisha ndani ya siku 24 za kazi na kuanza upya.

Tofauti inayopatikana yenyewe hueleza kilichotokea, kwa anayejua kuisoma. Bidhaa moja ikizidi 24 na jirani yake wa kijani ikipungua 24, katoni moja ilipokelewa kwa jina la nyingine. Bidhaa ikionekana imejaa rafuni kwenye kompyuta na haipo, ilhali jumla ya ghala ni sahihi, mlio wa kuweka mahali ulirukwa, na mzigo uko rafu nyingine. Na tofauti ikigawanyika kwa 23 bila kubaki, katoni ziliingia au kutoka kama vipande, kwa maana kila kosa la namna hiyo huandika 1 mahali pa 24. Ghala la mfano lilipokuta upungufu wa vipande 69 vya mwarobaini kwenye rekodi ukilinganisha na rafu, hakuna aliyeanza kuhesabu upya. 69 ni 23 mara 3. Rekodi za mapokezi ya wiki hiyo zilipekuliwa, zikaonekana namba tatu za 6201234500012 zilizofuatana asubuhi moja, mahali palipotakiwa kuwa na 16201234500019, na mpokeaji akakumbuka kwamba katoni tatu zilifika zimechanika upande wa lebo na yeye akaskani sabuni iliyokuwa inaonekana ndani.